"Geuza kila kitu autlaini": namba zimepotea, vijitabu 500 vimeharibika

Mleta uzi: Kalamu Butu

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Nilipewa kazi ya kijitabu cha maelekezo ya kufunga kabati la ukutani. Kurasa 16, hatua 11, na maonyo manne yaliyopigiwa mstari kwa chini. Nilikipanga kwenye InDesign, nikatoa PDF yenye fonti zote ndani yake, nikamtumia mchapaji. Haikupita robo saa, ujumbe ukaingia: "Hatupokei faili lenye fonti. Geuza kila kitu autlaini."

Nikamwuliza kisa ni nini, maana fonti zimo humo humo. Akanijibu, "Ndiyo utaratibu wetu." Mteja ananisukuma, muda umeisha. Nikafungua faili, nikashika fremu za maandishi moja baada ya nyingine, nikazifanya herufi kuwa maumbo kwa `Type > Create Outlines`, nikatoa PDF nyingine, nikatuma. Kabla ya kutuma niliipitia. Herufi zote zilikuwa zimekaa pale pale nilipoziacha, hakuna mstari uliohama wala neno lililoruka. Nikalala.

Vijitabu vimetoka. Ukurasa wa 8 unamwambia fundi "kama mlango haufungi sawasawa, rudia hatua ya 4 hadi ya 6". Hatua ya 4 ni ipi? Hakuna namba! Zote 11 zimeyeyuka, imebaki nafasi nyeupe pembeni. Na ile mistari chini ya maonyo haipo, kwa hiyo "usining'inize kabla ya kukaza skrubu za juu" limekuwa sentensi ya kawaida katikati ya sentensi nyingine.

Nakala 500. Mchapaji anasema amechapa alichopewa, na hapo hana kosa. Lakini nani alinilazimisha kuharibu faili lililokuwa zima? Kwa nini mnadai kitu hiki kwa kila kazi, iwe bango la mita tatu, iwe kijitabu cha kusoma?

Bwana Stika

Pole mkuu, ila mimi ni mtu wa mabango na nitawatetea wenzangu kidogo. Faili likija na maandishi hai, na mimi sina fonti yako, nikilifungua kompyuta inaweka fonti yake. Jina la duka lililokuwa jembamba linanenepa na kuvuka ukingo wa kibao. Mwenye duka akija ananiona mimi ndiye mjinga, si wewe. Ndiyo maana sisi tunasema vunja, vunja, vunja.

Halafu plota ya kukata stika haijui herufi. Kisu kinafuata mstari tu. Lazima nipate maumbo.

Mama Layauti

Kalamu Butu, hizo namba hukuziandika wewe. Ulibonyeza kitufe cha orodha, na InDesign ikazichora yenyewe kwa kufuata mtindo wa aya. Ndani ya maandishi yako hakuna "4" yoyote iliyochapwa. Amri ya kugeuza inachukua herufi zilizomo kwenye maandishi na kuzifanya maumbo, basi. Kinachochorwa na mtindo kinaachwa nyuma: namba, vidoti vya orodha, mstari wa chini, mstari wa kufuta neno, mistari ya juu na chini ya aya, hata kivuli cha rangi nyuma ya aya.

Ndiyo maana hukuona kitu ulipopitia. Ulikuwa unatafuta kilichosogea, na hakuna kilichosogea. Jicho halilalamikii nafasi nyeupe.

Kijana wa Poa

Sijaelewa shida iko wapi. Mimi huwa naweka autlaini nyeupe nene kuzunguka herufi, halafu nyeusi nje yake, na bango linatoka safi linasomeka toka mbali. Labda uliweka nyembamba sana?

Kalamu Butu

Kijana, hiyo unayosema ni mstari wa kuzungushia herufi. Sisi tunazungumzia herufi kuacha kuwa herufi.

Fonti Zimo

Hii habari ya kugeuza imepitwa na wakati. PDF ikiwa na fonti ndani, inafunguka sawa popote, kwa yeyote, mwisho wa mjadala. Hata viwango vya PDF/X vinadai fonti ziwemo. Mchapaji anayekataa hajui kazi.

Mama Layauti

Nusu yake ni kweli. Kuisoma PDF na kuichapa, ndiyo, fonti iliyomo inatosha. Ila Bwana Stika haisomi, anaifungua ndani ya Illustrator au CorelDRAW ili aihariri, atoe mandharinyuma, apange rangi za stika. Hapo programu inataka fonti iliyosimikwa kwenye kompyuta yake. Iliyomo kwenye PDF mara nyingi ni kipande tu, zile herufi zilizotumika, na programu haiwezi kuitumia kuandikia. Kwa hiyo onyo la fonti kukosekana linatokea hata kama PDF yako ni nzima.

Nyie wawili mnagombana kwa sababu mmoja anachapa na mwingine anakata.

Bwana Stika

Sawasawa. Na niseme jambo, kugeuza pekee hakunisaidii kama ni mwandiko wa kuunganika. Juzi nimeletewa jina la herufi 9 za mwandiko wa mkono, limeshageuzwa, mletaji anajisifu kwamba faili liko tayari. Kwenye skrini ni rangi moja iliyotulia. Nikatazama mistari mitupu bila rangi: kila mkia wa herufi umeingia tumboni mwa jirani yake. Ningekata vile, kisu kingepita katikati ya kila kiungo na stika ingebanduka vipande vipande. Ikabidi niziunganishe kwanza, `Weld` kwenye Corel, `Unite` kwenye Illustrator. Kabla ya kutuma, bonyeza `Ctrl+Y` kwenye Illustrator uone mistari yenyewe. Ukiona mistari inapishana, hujamaliza.

Mkono wa Kushoto

Mimi nipo upande wa mashine. Mnachosahau ni kwamba mkituletea maumbo, hatuwezi kuwasaidia. Mteja alipiga simu saa za mwisho, kipimo cha 12 kiwe 17. Faili zima limevunjwa, mbunifu hapatikani. Nikatafuta 7 kurasa zote, nikaipata kwenye kichwa cha habari, nene. Nikaikopi, nikaipunguza, nikaisukuma mpaka ikakaa mstarini. Ukiitazama karibu inaonekana kama imevaa koti la kaka yake. Ilichapwa hivyo hivyo.

Kalamu Butu

Ahsante Mkono wa Kushoto, ndiyo mambo hayo. Na kuna jingine. Maandishi madogo ya mwisho, pointi 6, fonti nyembamba, yametoka mazito kuliko sampuli niliyochapa mwanzoni kwa PDF yenye fonti. Nimeziweka nakala mbili pamoja na ninaapa si macho yangu. Mashine ile ile, ya kidijitali ya nukta 600 kwa inchi.

Mama Layauti

Inawezekana kabisa. Fonti ikiwa fonti, mashine inajua inachora herufi, na ina njia ya kuamua nukta ipi ijazwe ili miguu ya herufi ilingane. Ikiwa umbo, kwa kawaida kila nukta iliyoguswa hata pembeni inajazwa. Sasa piga hesabu. Pointi 6 ni kama milimita 2.1. Tuseme mguu wa fonti nyembamba ni asilimia 6 ya hiyo, yaani milimita 0.13 hivi. Nukta moja kwenye mashine ya 600 ni milimita 0.042. Kwa hiyo mguu mzima una nukta tatu. Ongeza moja ya pembeni, umenenepesha herufi kwa theluthi.

Kwenye bamba la ofseti la nukta 2400 mguu huo huo una nukta 12, na moja ya ziada hakuna atakayeiona. Na kwenye herufi ya bango yenye urefu wa sentimita 30, usipoteze hata dakika kuiwaza.

Mkono wa Kushoto

Mama Layauti, kwa heshima yako, sikubali moja kwa moja. Karatasi ilikuwa ile ile? Tona ilikuwa na uzito ule ule siku zote mbili? Nimeona maandishi madogo yakinenepa kwa sababu hizo tu, na fonti zikiwa hai.

Kalamu Butu

Sampuli ilikuwa karatasi laini zaidi, nakiri. Siku pia ni tofauti. Hilo tuliache.

Ninachotaka sasa: nachapisha upya, na mchapaji bado anashikilia utaratibu wake. Nifanyeje bila kupoteza namba?

Fonti Zimo

Badili mchapaji.

Mama Layauti

Usigeuze ndani ya InDesign. Toa PDF ya kawaida kwanza, fonti zikiwa ndani. Wakati wa kutoa, namba na mistari inakuwa imeshachorwa ukurasani, haitegemei tena mtindo. Kisha ifungue PDF hiyo kwenye Acrobat Pro, nenda `Preflight`, tafuta rekebisho liitwalo `Convert fonts to outlines`, na uhifadhi kwa jina jingine. Hapo kilichopo ukurasani ndicho kinachogeuzwa, na faili lako la InDesign hujaligusa.

Ukimaliza bonyeza `Ctrl+D`, fungua `Fonts`. Orodha ikiwa tupu, imekubali. Kisha hesabu namba zako kwa kidole, 1 hadi 11, usiamini macho ya haraka.

Kama huna Acrobat Pro, InDesign ina amri ya kugeuza namba ziwe maandishi ya kweli kabla ya kuvunja. Ifanyie kwenye nakala. Ila hiyo inaokoa namba tu, mistari ya maonyo utaichora kwa mkono.

Msomaji Mpya

Naomba kuuliza, mimi nina PDF ya kitabu, nikitafuta neno kwa `Ctrl+F` halipatikani hata kama naliona kabisa. Ni ugonjwa huo huo?

Mama Layauti

Huenda. Inaweza pia kuwa kurasa zilizopigwa picha. Vuta ukubwa hadi asilimia 1600 kwenye herufi moja. Kingo zikibaki safi, huenda kuna aliyezigeuza maumbo. Zikionyesha vijisanduku, ni picha. Kwa vyovyote, programu ya kumsomea asiyeona haitapata neno hata moja humo. Kalamu Butu, mteja wako akitaka kuweka kijitabu mtandaoni, mpe ile ya kwanza, si hii.

Kalamu Butu

Nimefanya kwa Acrobat. Namba 11 zipo, nimezihesabu mara mbili. Mistari minne ipo. Nimetuma faili mbili, moja yenye fonti na moja bila, nikaandika wazi kwenye majina ipi ni ipi. Mchapaji amejibu: "Tumepokea. Tuchape ipi?"

Mkono wa Kushoto

Na zile 500 za kwanza nani analipa?

Kalamu Butu

Mteja hajapokea simu yangu tangu asubuhi.