Uliwahi kumwandikia barua aliyekuletea ndizi zilizoiva? Tupeane uzoefu, yangu nimeiweka hapa

Mama_Mikungu

Habari za leo wakuu. Nauza ndizi za kupika soko la Buhongwa, jumla na rejareja. Mzigo wangu unatoka Muleba, mtu wangu ni yule yule mwaka wa nne sasa na hatujawahi kukosana.

Wiki iliyopita tulipatana mikungu 120. Akate Jumatatu, Fuso ipakie jioni yake, Jumanne asubuhi niwe nashusha. Imefika Alhamisi saa kumi na moja alfajiri. Dereva anafungua turubai, harufu ikatangulia kabla sijawasha tochi ya simu. Nikapenyeza mkono katikati ya mikungu, joto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Ya juu mibichi kabisa, ya katikati imeshika unjano, na iliyolala sakafuni ndizi zake zimepasuka shingoni, maji yanachuruzika kwenye mbao.

Nampigia, ananiambia foleni ya kivuko pale Kigongo. Kivuko kipi tena? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, magari yanapita juu. Dereva mwenyewe kaniambia springi ilikatika, wamelala Biharamulo usiku mbili na turubai limefungwa kamba zote.

Kwenye simu tukafokeana tu. Mwanangu wa chuo akasema mama, andika. Nimeandika hivi, majina nimeyaondoa:

> YAH: MIKUNGU 49 ILIYOFIKA IMEIVA, ALHAMISI ALFAJIRI
>
> Ndugu yangu, salaam. Rejea makubaliano yetu ya simu ya Jumamosi. Tulipatana mikungu 120 ya ndizi mbichi za kupika, Sh 13,000 kila mkungu, bei ya kufikisha Buhongwa, nauli ikiwa juu yako. Jumla Sh 1,560,000. Nilitanguliza Sh 1,000,000, zimebaki Sh 560,000.
>
> Mzigo ulitakiwa Jumanne, umefika Alhamisi. Tumeushusha na kuuhesabu mimi, dereva wako na mpagazi mmoja. Mibichi ilikuwa 71. Iliyoanza kuiva 31. Iliyoiva kupita kiasi na kupasuka 18. Dereva amesaini hesabu hiyo nyuma ya karatasi ya mzigo, nimekutumia picha.
>
> Sikuitupa. Ile 31 nimeiuza siku hiyo hiyo kwa Sh 6,000 kila mmoja, nikapata Sh 186,000. Ile 18 imechukuliwa na mfuga nguruwe kwa Sh 1,000 kila mmoja, Sh 18,000. Mikungu 49 kwa bei yako ni Sh 637,000. Nikitoa nilichookoa, Sh 204,000, hasara inabaki Sh 433,000.
>
> Naomba ukubali nikate kiasi hicho kwenye deni, nikutumie Sh 127,000 kumaliza. Kama hesabu yako ni tofauti, niandikie kabla ya Jumatano. Mzigo ujao bado nautaka kwako.

Sasa, waliowahi kupita njia hii, mlilipwa? Na barua yangu ina kasoro gani?

Dagaa_Mwaloni

Pole mama. Mimi yangu ilikuwa dagaa, magunia 10 kutoka visiwani, mvua ikawanyeshea wakiwa kwenye mtumbwi. Nilipofungua hapa Mwaloni Kirumba wana ukungu. Niliandika barua ndefu kurasa tatu, matusi nusu, na Mungu nikamtaja. Hakujibu mpaka leo. Yako ina hesabu, yangu ilikuwa na machungu tu.

Sheria_Kidogo

Kwa kukusaidia: ukishashusha na dereva akasaini, maana yake umepokea. Mzigo ukipokelewa umekuwa wako, madai yamekufa. Ungeukataa ukiwa bado garini.

Mzee_wa_Kamachumu

Waitu, huyo hapo juu kashika mkia tu. Kupokea si kushusha. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi ya kuukagua mzigo ambao hakuwa ameuona, na ndizi iliyofunikwa turubai utaikaguaje bila kushusha? Kinachokuua ni kukaa kimya: ukashusha, ukauza wiki nzima, ndipo ukakumbuka kulalamika. Mama kaandika hesabu siku ile ile, mbele ya mtu wa upande wa pili, na kasaini. Hapo yuko vizuri.

Neno lililobeba barua yake nzima ni hilo "bei ya kufikisha Buhongwa". Nilikusanya ndizi Muleba miaka mingi kabla sijastaafu, najua ugomvi huu. Mama angekuwa amenunua shambani na Fuso kakodi yeye, springi ikikatika Biharamulo ni msiba wake. Lakini kama bei ni ya kufikisha, njia yote ni ya muuzaji, na springi ni yake.

Swali langu kwako mama: ile 31 ilikaaje ndani ya gari? Ilikuwa imejikusanya sehemu moja, au imetawanyika huku na kule?

Mama_Mikungu

Mingi ilikuwa katikati na chini, upande wa kibini. Ila nakumbuka kama sita hivi ilikuwa juu kabisa, kwenye hewa, nayo ina ndizi za njano zimechanganyika na za kijani kwenye chane moja. Nilishangaa lakini sikufuatilia.

Mzee_wa_Kamachumu

Basi hayo ni mambo mawili, na barua yako imeyafunga kamba moja.

Iliyojikusanya chini na katikati imepikwa na safari. Ndizi inapumua hata baada ya kukatwa, inatoa joto. Ukiibana chini ya turubai siku tatu joto halina pa kutokea, na mkungu mmoja ukianza kuiva unatoa gesi inayoivisha jirani zake. Ndiyo maana inaanza mmoja, ukiamka ni ishirini. Hiyo mdai kwa ucheleweshaji.

Lakini mkungu ulio juu kwenye hewa safi, ukaiva vipande vipande ndani ya chane moja, mimi ningeutilia shaka tangu shambani. Huku Kagera tumeshapigwa na ule mnyauko wa bakteria, na dalili yake moja ni hiyo: ndizi kuiva kabla ya siku zake na bila mpangilio. Ungechukua kisu ukakata moja kwa kuikingama. Nyama ikiwa na madoa ya kahawia ndani, si safari hiyo, mtu kakata kwenye mgomba unaoumwa. Ikiwa nyama safi na rangi yake ya maziwa imegeuka unjano kuanzia katikati, imekatwa ikiwa imekomaa mno. Kwa vyovyote kati ya hayo mawili, kosa ni la aliyekata, hata Fuso ingefika Jumanne.

Mama_Mikungu

Mzee, nimeshaiuza yote. Sikukata hata moja.

Mzee_wa_Kamachumu

Hapo ndipo barua ilipopungukiwa. Picha ya ganda anaweza kukwambia umeianika wewe juani. Picha ya ndizi iliyokatwa hawezi kuibishia. Na siku nyingine kabla ya kushusha, ukiwa na wasiwasi, shika ndizi uangalie pembe zake. Ya kusafirishwa inatakiwa bado iwe na pembe kwa mbali, ukiivunja inalia na utomvu mzito mweupe unatoka. Ikishakuwa mviringo kama mtarimbo na utomvu wake umekuwa maji maji, hiyo ni ya kuliwa kesho, si ya kupandishwa gari.

Binti_Sengerema

Samahani nauliza, mnaivishaje haraka? Mimi nina mikungu mitatu ya kisukari, nina sherehe Jumamosi, bado ni kijani.

Kondakta_Mstaafu

Binti, hapa watu wanalia zimeiva, wewe unalia hazijaiva 😂 Zifunike na parachichi lililoiva kwenye gunia, sehemu ya joto. Usiguse ile kabaidi ya mafundi.

Mama, mimi niseme upande wa gari. Dereva hakai Biharamulo siku mbili kwa kupenda. Lakini kufungua turubai ukiwa umesimama ni dakika kumi, hata kunyanyua upande mmoja upepo upite. Hilo alitakiwa aagizwe na mwenye mzigo. Zamani tulipokuwa tunasubiri kivuko Kigongo, waliozoea ndizi ndicho kitu cha kwanza walichofanya wakizima injini. Nadhani madereva wa sasa wamesahau kwa sababu ya daraja.

Kirumba_Genge

Mimi nina mtazamo tofauti. Mama, kwa nini uliuza 31 kwa 6,000 bila kumuuliza mwenye mzigo? Mimi nilifanya hivyo kwenye nanasi, jamaa akaniambia "ungenipa mimi ningeuza 9,000". Tukabishana mwezi mzima juu ya bei ya kuokolea, sio juu ya kuoza. Siku hizi natuma ujumbe: "Kuna mteja wa elfu sita sasa hivi, una wa zaidi?" Nampa saa moja. Akikaa kimya nauza, na huo ujumbe naunakili kwenye barua.

Mama_Mikungu

Aisee hilo sikuliwaza. Ingawa nikwambie ukweli, ndizi ya kupika ikianza njano hapa Buhongwa hakuna wa elfu tisa. Mnunuzi wa tunda anataka kisukari au bogoya, mnunuzi wa mboga anataka ngumu. Huyo wa 6,000 mwenyewe alikuja kwa sababu ananijua.

Sheria_Kidogo

Mzee nimekusoma. Lakini bado nauliza: dereva ana mamlaka gani ya kusaini kwa niaba ya muuzaji? Akisema "huyo ni dereva wa kukodi, hanihusu"?

Mzee_wa_Kamachumu

Hilo si swali dogo. Dereva hajakiri kosa, kashuhudia hesabu tu, na shahidi haulizwi mamlaka. Ila angeandika pia namba ya gari na muda wa kufika, ingekaa vizuri zaidi.

Mama_Mikungu

Mrejesho wakuu. Kanipigia jana usiku, hakuandika. Kwanza alilalamika kwamba barua ina "YAH" kama ya halmashauri, akadhani nampeleka mahakamani. Nikamwambia hapana, ni mwanangu aliyenishauri niandike. Tukacheka.

Ile iliyoiva chini na katikati amekubali yote. Ile sita ya juu ndiyo kagoma. Anasema shamba lake halina ugonjwa, nilete ushahidi, nami sina. Mikungu sita kwa 13,000 ni 78,000, nikitoa 36,000 nilizouzia inabaki 42,000. Kwa hiyo badala ya kukata 433,000 nimekata 391,000, nimemtumia 169,000 kwa simu na risiti ninayo.

Mzigo mwingine unaingia Jumatatu. Nimemwambia akisimama Geita alegeze turubai, anitumie picha likiwa wazi. Na kisu nimeshakiweka kwenye meza.

Binti_Sengerema

Parachichi ngapi kwa mikungu mitatu?