MREJESHO: sura ya mama kwenye picha ya harusi

Niliuliza: "Nikihamisha sura ya mama toka picha moja ya karatasi kwenda nyingine, mbona inatoka na ukungu na mikwaruzo?"

Wakuu asanteni sana. Nimefuta kioo cha skana, nikapuliza vumbi, nikaskani zote mbili upya kwa 600 dpi badala ya 150, maana uso wenyewe hauzidi ukucha wa kidole gumba. Halafu nikaondoa ule wekundu wa kuchuja na mkwaruzo wa shavuni kwanza, ndo nikahamisha, na safari hii shingo na uso vimelingana kabisa. Ila jicho la kushoto limegoma, pale rangi ilishabanduka hadi karatasi nyeupe, nimelitoa picha ya tatu na linaangalia pembeni kidogo.