Tupeane uzoefu: mtoto akijitupa chini na kugaragara, wewe hufanya nini?

MamaKifunguamimba
Wadau, naanza na langu ili nanyi msione haya kutoa yenu. Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne. Karibu mwezi mzima, kila jioni nikimrudisha kutoka kwa walezi wa mchana, tukifika tu mlangoni anajitupa sakafuni. Kisa? Viatu. Nikimvua analia kwa nini nimemvua, nikimvalisha tena anavirusha.

Mimi nilijua anadeka, ananipima. Kwa hiyo nilikuwa namweleza: mama, si kila siku tunavua viatu, si asubuhi tuliongea, mbona leo hivi? Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi. Siku moja nikampigia kelele kubwa kuliko yake, akalia hadi akatapika. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake nikaanza kuandika kwenye daftari: amelala mchana kwa muda gani, amekula saa ngapi, nini kilitangulia kilio, kilio kimechukua dakika ngapi. Katika siku 14 alijitupa siku 9. Katika hizo 9, siku 7 alikuwa hajalala mchana au amelala chini ya nusu saa. Asubuhi hivyo hivyo viatu anavaa na kuvua bila neno. Kama angekuwa ananipima, si angenipima na asubuhi? Nikaanza kuona kwamba anafika mlangoni amejaa, na viatu ni kile kitone cha mwisho. Nyie kwenu ilikuwaje?

MzeeWaKibarazani
Mwanangu, haya mambo ya mtoto kujaa ni ya siku hizi. Mimi nimelea watano. Mtoto anayelia huku anakuibia jicho kuona kama unamtazama, huyo anajua anachofanya. Nilikuwa nawaacha hapo hapo naondoka zangu, wananyamaza wenyewe. Na sikuwahi kumpa mtu kitu kwa sababu amepiga kelele.

ShangaziWaWatoto
Shikamoo mzee wangu. Nimekaa na watoto wa umri huu kazini miaka 16, na hapo mwisho nakuunga mkono kabisa. Ukimnyima kitu, akapiga kelele, ukampa, kesho atapiga kelele. Lakini hilo halihitaji hila. Hata mtoto wa mwaka mmoja hujifunza kwamba baada ya hiki huja kile. Kupanga kukutesa ni jambo lingine. Kunahitaji ajizuie, akisie unachowaza, achague wakati. Sehemu ya mbele ya ubongo inayofanya kazi hiyo ndiyo inayochelewa kuliko zote, haikomai hadi mtu apite miaka 20.

Na lile jicho la pembeni: mtoto akichanganyikiwa hutazama uso wa mtu wake ajue kama hali ni salama. Hufanya hivyo tangu kabla hajatembea vizuri. Akitazama akakuta uso umekunjwa, anapata jibu kwamba hatari ipo kweli.

MamaKifunguamimba, kosa lako lilikuwa maelezo. Kilio cha namna hii kina hasira na huzuni ndani yake. Hasira hupanda haraka mwanzoni: mayowe, mateke, mgongo kukakamaa. Huzuni ipo tangu mwanzo, ila huisikii mpaka hasira ishuke. Ukimwuliza maswali hasira ikiwa juu, unamwongezea kelele mtu ambaye masikio yake tayari yamezidiwa. Kwa hiyo mimi hufanya hivi. Naondoa kinachoweza kumuumiza. Nakaa chini, hatua moja kutoka kwake, ubavu ubavu, simkodolei macho. Nasema neno moja tu, "nipo", kisha nanyamaza. Nasubiri sauti ibadilike. Mayowe yakigeuka kwikwi, mwili ukalegea, ndipo nanyoosha mkono. Wengi hutambaa wenyewe wakaja.

Tena tazama saa. Mara nyingi haifiki dakika tano, ila kwako unayesikiliza ni kama saa nzima.

BabaMkimya
Wangu ukimgusa mapema ndiyo umewasha moto. Mke wangu yeye humkumbatia kwa nguvu tangu mwanzo na anadai inafanya kazi. Tumebishana sana. Ninachojua, akinisukuma mkono naurudisha, nangoja. Ila tukiwa barabarani sina muda wa kungoja, nambeba mgongo wake kifuani kwangu, natoka naye hadi penye utulivu, bila kusema kitu.

ShangaziWaWatoto
Mnaweza kuwa sahihi wote wawili. Wapo wanaotulia wakibanwa kidogo na wapo wasiovumilia kuguswa. Mwili wake ndio utakuambia: akikakamaa zaidi, achia.

Tumaini_la_Mama
Jamani, wangu ana miaka saba, anarusha daftari akikosea hesabu. Nikae naye chini pia?

MzeeWaKibarazani
Huyo wa miaka saba ameshajua kuongea, mama. Anzisha mada yake.

DadaWaPili
Langu ni tofauti kidogo. Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu akikasirika hulia mara moja tu, halafu pumzi inakata, midomo inakuwa ya bluu, analegea kabisa. Mara ya kwanza nilimmwagia maji nikidhani anakufa. Hospitali walimpima damu, wakakuta upungufu wa madini ya chuma, wakampa dawa. Siku hizi ni mara chache. Ila tangu siku ile nyumba nzima inaogopa kumwambia hapana.

ShangaziWaWatoto
Pole sana dada. Ulifanya vyema kumpeleka. Ikitokea mara ya kwanza lazima aonwe na daktari. Ikirudi, mlaze ubavu, usimtikise, usimmwagie maji, usimtie kitu mdomoni. Kwa kawaida pumzi hurudi yenyewe ndani ya dakika moja. Isiporudi, ita msaada wa dharura. Na "hapana" yenu ibaki palepale, kwa sauti ya chini.

Niwaambie na wengine: kama anajiumiza kila anapolia, au kilio kinapita nusu saa mara kwa mara, au kinatokea mara nyingi kila siku ya Mungu, hilo mwone daktari, msilimalize hapa kwetu.

MamaKifunguamimba
Asanteni. Nimejaribu kwa wiki mbili sasa. Kwanza nimeacha vita ya viatu: anaingia navyo, tunakaa chini karibu na mlango, anakunywa maji, mimi kimya. Baada ya dakika kama kumi namuuliza, nianze kuvua cha kulia au cha kushoto? Pili nimewaomba walezi wamlaze kabla ya saa saba mchana. Akilia nasema "nipo" nafunga mdomo, na hapo ndipo pagumu, maneno yananiwasha ulimi. Nashusha pumzi polepole mpaka nihisi mabega yangu yameshuka.

Daftari linasema siku 4 kati ya 14. Ndefu kuliko zote dakika sita. Siku moja alikuwa amelala vizuri, ameshiba, na bado alijitupa. Sijajua kwa nini.

MzeeWaKibarazani
Hiyo siku moja ndiyo yangu. Ila hilo la kukaa kimya nitamwambia binti yangu, maana yeye anahutubia.

BabaMkimya
Swali: na kama ndani ya nyumba kuna mtu mwingine ambaye mtoto akilia tu anampa alichonyimwa? Kwetu ni bibi yake, na siwezi kumkemea mama mkwe. Mliongeaje naye?