Bosi kaniagiza vocha kimya kimya, kesho anataka zingine. Nifanyeje wakuu?

Kibatari
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, wenye matusi wapite mbali.

Nafanya kazi ofisi ndogo hapa Dodoma, tupo kama kumi hivi. Bosi wetu yupo Nairobi kikazi tangu Jumatatu. Jana mchana ikaingia meseji WhatsApp, namba ngeni lakini picha ni yake, ile aliyovaa koti la bluu. Kaandika tu: "Upo ofisini?" Nikajibu ndiyo bosi. Akasema: "Nipo kwenye kikao na wafadhili, siwezi kupokea simu, tuwasiliane hapa hapa. Nahitaji vocha za kuwapa washiriki, za elfu kumi kumi. Usimwambie mtu ofisini, nikirudi nakurudishia yote."

Swali langu ni dogo. Nikimwambia anitumie hela kwanza ndipo ninunue, nitaonekana simwamini? Maana kesho asubuhi anataka zingine.

Kandambili
Washiriki wapo Nairobi, vocha ni za Tanzania. Watazikwangua wakifika Namanga? 😂

Mama Kijacho
Dada usiwe mtoto. Hizo vocha ni za mchepuko, ndiyo maana hataki ofisi ijue. Mume wangu alikuwa na tabia hiyo hiyo, kila wiki vocha, nikajua dukani kwa Mpemba kumbe anamrushia mtu Singida. Wewe mnunulie, tunza siri, na mwisho wa mwaka mkumbushe kuhusu nyongeza ya mshahara.

Fundi Laini
Kibatari, umeandika "zingine". Kwa hiyo za kwanza umeshatuma? Ngapi, na umezitumaje?

Kibatari
Mkuu sikuja kuhojiwa. Lakini sawa. Nilinunua 30. Nikawa nakwangua, napiga picha, natuma. Zilipofika 22 umeme ulikuwa umeshakatika na simu ikazima. Nane zimebaki hazijakwanguliwa. Ndizo anazodai, pamoja na nyingine 20.

Na msikimbilie kusema utapeli. Aliniita kwa jina langu, anajua bosi kasafiri, anajua mimi ndiye ninayekaa mapokezi. Mtu wa nje angejuaje?

Mzee wa Stoo
Vijana wa siku hizi mnaogopa bosi kuliko Mungu. Sisi enzi zetu bila hati ya manunuzi yenye sahihi hata penseli hutoki nayo stoo.

Fundi Laini
Angejuaje? Ofisi yenu ina ukurasa mtandaoni? Una majina, vyeo na picha za watu? Kuna mtu aliweka picha ya bosi akiwa uwanja wa ndege?

Hapo ana kila kitu. Sasa soma ile meseji taratibu, kila kipande kina kazi yake. "Upo ofisini?" ni chambo, huenda wenzako nao wametumiwa, aliyejibu ndiye anayeendelea naye. "Nipo kwenye kikao" ni kukuzuia usipige simu ukasikia sauti. "Usimwambie mtu" ni kukuzuia usimgeukie aliyekaa meza ya pili, maana yeye angesema sekunde hiyo hiyo kwamba hata yeye kaipata. "Nitakurudishia" ni ili utoe hela iliyo karibu, usipite kwa mhasibu anayeuliza maswali.

Na kwa nini vocha, asiombe utume kwa simu? Ukituma pesa, jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Ungeona jina la mtu mwingine ukashtuka. Vocha haina jina. Yeyote mwenye zile namba akibonyeza *104*, akaziweka na kumaliza na #, salio ni lake. Anazigawanya kwenye laini kadhaa, kisha anawauzia watu kwa bei ya chini.

Fanya hivi sasa hivi, usingoje kesho. Fungua wasifu wa hiyo namba, tazama kama kuna kundi ambalo mpo nalo pamoja. Bosi wako yupo kundi la ofisi, sivyo? Tapeli hayupo. Kisha mpigie bosi kwenye namba yake ya zamani, simu ya kawaida. Hata kama hapokei, usiikubali namba mpya hadi ile ya zamani iithibitishe.

Kibatari
Kundi halionekani. Lakini alisema simu yake imeharibika, anatumia ya mwenzake.

Kandambili
Simu ya mwenzake yenye picha ya bosi wako kwenye wasifu. Huyo mwenzake anampenda kweli kweli.

Bwashee wa Minnesota
Huku kwetu walikuja kwa sura ya mchungaji. Baruapepe kwa wazee wa kanisa: "Nina ombi, nipo kwenye maombi ya faragha, kuna mgonjwa wa saratani nataka kumpa kadi za zawadi za Apple." Kwenye simu unaona jina la mchungaji tu. Ukiligusa jina ndipo inatokea anwani yenyewe, Gmail ya herufi na tarakimu za ajabu ajabu. Mama mmoja alinunua za dola 500, akakwangua nyuma, akatuma picha.

Kilichomsaidia kidogo ni kwamba hakutupa kadi wala risiti. Alipiga simu kwa wenye kadi siku ile ile, na moja ilikuwa haijatumika wakaizuia. Zilizobaki zilikuwa zimeshaliwa. Kanisa lilichanga kumfidia, mpaka leo kuna waliogoma kuchanga.

Mzee wa Stoo
Basi suluhisho lipo. Apige huduma kwa wateja warudishe muamala, kama mtu aliyekosea namba. Mimi niliwahi kurudishiwa elfu 40.

Fundi Laini
Mzee, wewe ulituma pesa, ikawa bado imekaa kwenye akaunti ya mwenzako, ndiyo maana ilirudi. Vocha ikishaingizwa haina kurudi, imeshakuwa salio na huenda limeshatumika.

Ila simu ya kupiga 100 una haki kuisisitiza. Kibatari, vile vikaratasi bado unavyo? Kila kimoja kina namba mbili: ile uliyoikwangua, na namba ya mfululizo iliyo wazi. Kwa hiyo ya wazi, kampuni inaweza kuangalia kama vocha imetumika. Ambayo bado, waombe waifunge. Iliyotumika, kwao inaonekana imeingia laini gani. Wewe hawatakupa namba hiyo, watampa polisi. Kwa hiyo chukua RB kituoni, na zile meseji usizifute hata kama zinakuaibisha. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Jicho la Tatu
Ngoja kwanza. Mimi nanusa chai hapa. Mwaka huu nani ananunua vocha 30 za kukwangua za elfu kumi? Duka gani linazo? Watu wananunua salio kwa simu. Mapokezi anatoa wapi laki tatu taslimu mchana wa siku ya kazi? Na akaunti imefunguliwa leo. Mleta mada anatunga, anataka tumfundishe jinsi ya kuiba.

Mama Kijacho
Hata mimi nilishangaa. Laki tatu!

Kibatari
Akaunti ya leo kwa sababu siwezi kuweka aibu yangu kwenye jina mnalolijua. Duka la kwanza nilipata tatu tu, la pili hawana. Nikaelekezwa kwa wakala wa jumla karibu na stendi, akanihesabia kwenye mkeka wa raba, zingine zimeungana hazijakatwa. Nilimwambia bosi nimrushie salio moja kwa moja, akakataa: "No, za kukwangua, piga picha." Bosi wangu huwa haandiki kabisa, anatuma sauti, na mimi huwa ananiita mama. Haya, mmeridhika?

Jicho la Tatu
Duka nimekuelewa. Laki tatu bado.

Kibatari
Ni hela ya matumizi madogo ya ofisi. Natunza mimi.

Na msianze. Nina mpango tayari. Kuna risiti za mafuta na karatasi, nikizipanga vizuri hadi Ijumaa kisanduku kitakuwa sawa, halafu nitarudisha kidogo kidogo kwenye mshahara wangu. Hakuna atakayeumia. Nilichokuwa nauliza ni kuhusu zile 20 za kesho.

Fundi Laini
Zile 20 usinunue. Hilo limekwisha.

Mizania
Mimi ni mhasibu, naomba nimjibu kwenye hili la risiti, kwa sababu hapa ndipo unapojiangusha mwenyewe.

Mpaka saa hii wewe ni mtu aliyetapeliwa akiwa kazini. Una meseji, una vikaratasi 22, una vocha nane nzima. Ukiingiza risiti ya mafuta ambayo gari halikunywa, meseji zile zinageuka. Mkaguzi hataona tapeli, ataona mtu aliyetoa laki tatu kisha akatengeneza nyaraka. Hata RB huwezi kuchukua tena, utaripoti umeibiwa nini wakati vitabu vinasema mafuta?

Andika leo maelezo ya nusu ukurasa: saa ya meseji ya kwanza, namba iliyotumika, kiasi, duka. Vocha nane ziweke kwenye kisanduku, zina thamani ya elfu 80. Upungufu wa kweli ni laki mbili na elfu 20.

Kuhusu mshahara, bosi hawezi kuamka akakata atakavyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka hasara iwe imetokana na kosa lako, uandikiwe deni limetokana na nini na limehesabiwaje, upewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha.

Kibatari
Dada Mizania wewe unaongea ukiwa kwenye kiti chako. Mimi mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nikiandika hayo maelezo, nani atanisainia mwingine?

Mizania
Hilo siwezi kukuahidi.

Mzee wa Stoo
Mimi ningezipanga risiti. Nasema ukweli. Ofisi nyingi mtu mkweli ndiye anayefukuzwa.

Jicho la Tatu
Na ushauri wa hati yenye sahihi umeishia wapi, Mzee?

Bwashee wa Minnesota
Yule mama wa kadi alikaa wiki nzima bila kusema. Wiki hiyo mzee mwingine wa kanisa akatumiwa meseji ile ile naye akanunua. Kibatari, umewauliza wenzako?

Kibatari
Nimempigia dereva sasa hivi. Kasema na yeye jana aliandikiwa "Upo ofisini?" akajibu yupo kijiweni, haikuendelea. Mhasibu naye kaipata, akaipuuza, hakumwambia mtu. Bosi namba ya zamani inaita, haipokelewi.

Huyu mtu kaandika tena, anasema washiriki wanamsubiri.

Fundi Laini
Usimjibu wala usimtukane. Piga 100 ukiwa na vikaratasi mkononi, anza na ulizotuma mwisho, hizo ndizo zenye nafuu. Kisha weka onyo kwenye kundi la ofisi.

Mama Kijacho
Kwa hiyo hana mchepuko?

Kibatari
Nimepiga. Nimesoma namba za wazi zote. Tatu za mwisho zilikuwa bado, wamesema wanazifunga, nifike dukani kwao na vikaratasi. 19 zimeshatumika. Kundi la ofisi nimeandika onyo. Kuhusu hela bado sijaandika chochote.

Kandambili
Zile nane nipe mimi kwa elfu nane nane, nikwangue nikiwa hapa hapa Tanzania.

Mizania
Kandambili hizo ni mali ya ofisi. Kibatari, mrejesho bosi akipokea simu.