Mkaguzi kaniambia "tuyamalize hapa hapa", Ijumaa anarudi. Nifanyeje?

MamaSupu: Wakuu, shikamooni. Nina mgahawa wa supu na chapati, wafanyakazi wanne. Juzi wamekuja wakaguzi wawili. Wamekuta kadi ya afya ya mpishi mmoja imeisha muda na pipa la taka halina mfuniko. Makosa hayo nakiri. Mmoja akasema faini ni laki tatu, ila nikimpa elfu themanini "tunayamaliza hapa hapa". Karatasi hajaniachia. Sitaki kutoa, lakini naogopa kufungiwa.

Kijana wa Stendi: Mpe tu dada. Kwenye rushwa mwenye kosa ni anayepokea, wewe umelazimishwa.

Mzee Mizani: Hapana, kijana. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinambana mtoaji sawa na mpokeaji.

MamaSupu, kinachompa nguvu huyo bwana ni kadi na pipa. Kesho mpeleke mpishi akapimwe, nunua mfuniko, tunza risiti. Akirudi, msalimie vizuri, muombe kitambulisho, andika jina lake na saa kwenye daftari. Kisha mwambie: "Afande, naomba notisi ya maandishi, na kama kuna faini naomba kontroli namba." Usibishane wala usimtaje kwa rushwa pale pale. Kabla hujalipa, angalia jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu. Likiwa la mtu badala ya taasisi, acha.

Dereva Mwema: Mimi trafiki wananisimamisha kila siku pale mzani, nao niwaombe notisi?

Mzee Mizani: Yako ni nyingine ndugu, fungua uzi wako.

Neema_Vitenge: Mrekodi kwa simu, kisha rusha kwenye magrupu. Atakoma!

Binti Karani: Kurekodi sawa, kurusha hapana. Ukirusha anapata muda wa kujipanga. Mimi nilipoombwa hela dukani nilipiga 113 ya TAKUKURU, ni bure, kabla sijatoa hata shilingi. Waliniuliza alitamka nini hasa, saa ngapi, nani alikuwepo. Mtego wakiamua kuuweka, wanauendesha wao. Usijitengenezee wako, maana ukishatoa hela mwenyewe itabidi uanze kueleza kwa nini ulitoa.

MamaSupu: Asanteni. Mpishi anapimwa kesho asubuhi. Ila nikiripoti, si watanirudia kila wiki?

Binti Karani: Kwangu walirudi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Hawakukuta kosa, wakasaini daftari wakaondoka. Kwako sijui itakuwaje.

Mzee Mizani: Hofu hiyo ni ya kweli, sitakudanganya. Ukipiga 113, waulize wanavyolinda jina la mtoa taarifa kabla hujawapa la kwako.

MamaSupu: Napiga leo jioni nikifunga. Ijumaa nitawaambia alivyojibu.