Maembe makavu yanaota ukungu ndani ya pakiti, nakosea wapi?

Shamba_Letu: Wakuu, naombeni ushauri. Nataka maembe yanayozidi wakati wa mavuno niyakaushe na kuyafungasha badala ya kuyaacha yaoze. Nakata vipande vya unene wa sentimita moja, naviweka kwenye kaushio la umeme kwa nyuzi 80 ili viwahi. Vinatoka vigumu kabisa, lakini baada ya wiki mbili pakiti zina ukungu. Kilo 10 za vipande vibichi hunipa kilo 2.4.

Mchuuzi: Kosa ni pakiti. Mifuko myepesi ya plastiki hupitisha unyevu. Tumia ya foili, ibane kwa mashine ya joto, kazi imekwisha.

Bi_Kaushio: Foili ni nzuri, ila hapa maji yamo ndani tayari, utayafungia humohumo. Angalia uzito wako. Embe bivu ni maji kwa takriban asilimia 83, kwa hiyo kilo 10 za vipande zina kilo 1.7 tu zisizo maji. Ukitaka maji yabaki asilimia 15, uzito wa mwisho uwe kilo 2. Wewe una 2.4, yaani gramu 700 bado ni maji, karibu asilimia 30. Ukungu lazima uje.

Chanzo ni hizo nyuzi 80. Joto kali mwanzoni hukausha upande wa nje upesi, ukawa ganda gumu linalozuia maji ya katikati yasitoke. Ukishika unaona kimekauka, kumbe moyo mbichi. Kata milimita 6 hadi 8, kausha kwa nyuzi 60 hivi, na usipime vikiwa vya moto kwa sababu hulainika. Kikipoa, kipasue na ukibinye: kisitoe unyevu, kikunjike bila kukatika.

Kisha usifungashe siku hiyohiyo. Jaza chombo kisichopitisha hewa hadi robo tatu, kitikise kila siku kwa wiki moja ili unyevu usambae sawa. Ukiona matone ukutani mwa chombo, rudisha vipande kwenye kaushio.

Mgomba: Zangu ni ndizi, hazioti ukungu ila zinakuwa nyeusi. Nazo nipunguze joto?

Bi_Kaushio: Hiyo ni hewa inayogusa nyama iliyokatwa. Zichovye kwenye maji yenye ndimu mara tu ukizikata.

Mchuuzi: Salfa hutunza rangi kuliko ndimu.

Bi_Kaushio: Kweli, lakini baadhi ya wenye pumu huathirika, na lazima uiandike kwenye lebo. Mimi siipendi, ingawa wanunuzi wengi hufuata rangi.

Shamba_Letu: Pakiti ambazo bado hazijaonyesha ukungu, nizikaushe upya niziuze?

Bi_Kaushio: Hapana. Ukungu huanza kabla haujaonekana, na sumu ambazo baadhi ya kuvu hutoa haziondoki kwa kukausha. Mkupuo huo usiuuze.