QUERY inameza namba kimyakimya na chati inaonyesha uongo: hili halikubaliki

Hasira_za_Seli (mfungua uzi):

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Tunalo daftari la kazi kwenye lahajedwali ya mtandaoni, lenye safuwima tatu tu: A ni tarehe, B ni kitengo, C ni saa za kazi. Kwenye ukurasa mwingine nimeweka muhtasari unaolisha chati ya mihimili, ambayo wakubwa huitazama moja kwa moja kila rekodi mpya inapoingia. Fomula yenyewe ni hii, na haina ufundi wowote wa kutisha:

```
=QUERY(Daftari!A2:C,
"select B, sum(C) where B is not null
group by B label sum(C) 'Saa'", 0)
```

Kitengo cha Umeme kina rekodi tano: 40, 35, 60, 25 na 30. Mtoto wa shule atakwambia jumla ni 190. Chati inasema 135. Hakuna alama nyekundu, hakuna onyo, wala seli haikuonyesha kosa lolote. Muhimili umesimama pale umenyooka kama kwamba kila kitu ni sawa. Baada ya kuhangaika niligundua kwamba 25 na 30 zilinakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti, na nyuma ya kila moja kuna nafasi isiyoonekana, hivyo kwa programu, hizo mbili ni maandishi wala si namba. QUERY ikaziona, ikazifanya tupu, ikajumlisha zilizobaki. Huyu ni karani anayetupa risiti asizoweza kuzisoma, kisha anatia sahihi kwenye jumla.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tabia hii imekusudiwa. Maelezo ya fomula yanasema wazi kuwa safuwima ikichanganya aina za data, aina iliyo nyingi ndiyo inayotawala, na aina iliyo chache huhesabiwa kuwa tupu. Sawa, lakini kwa nini ifanyike bila kumwambia mwenye daftari?

Upepo_wa_Kusi:

Ndugu, chati za mtandaoni wakati mwingine huchelewa kujisasisha. Funga ukurasa, ufungue tena, halafu uangalie kama bado ni 135.

Hasira_za_Seli:

Chati haijachelewa, ndugu yangu. Seli ya muhtasari yenyewe ina 135, na chati inachora kwa uaminifu kile ilichopewa. Tatizo liko kabla ya chati.

Mzee_wa_Fomula:

Mfungua uzi ana haki ya kukasirika, na naomba niongeze jambo ambalo huwaponza wengi. Mtu akishuku muhtasari wake, kwa kawaida huenda kwenye daftari na kuandika `=SUM(C2:C)` ili alinganishe. Atakuta jumla mbili zinalingana kabisa, kisha atalala usingizi. Zinalingana kwa sababu SUM nayo huruka maandishi yaliyomo ndani ya masafa, kwa hiyo umeuliza shahidi yuleyule mara mbili. Kipimo chenye maana ni kuhesabu seli, si kujumlisha thamani:

```
=COUNTA(Daftari!C2:C)-COUNT(Daftari!C2:C)
```

COUNTA inahesabu kila seli yenye kitu, na COUNT inahesabu namba pekee. Kwa daftari lako, ikiwa vitengo vingine ni safi, jibu litakuwa 2. Likiwa jambo lolote zaidi ya 0, usiiamini chati. Namba huegemea kulia mwa seli na maandishi huegemea kushoto, ila dalili hiyo hufa pale mtu anapopanga safuwima nzima katikati kwa ajili ya urembo.

Tena kuna kinyume chake cha kuchekesha. Maandishi yakizidi namba katika masafa uliyoipa QUERY, hapo ndipo inapopiga kelele na kukupa `AVG_SUM_ONLY_NUMERIC`. Yaani ukiharibu data yako kidogo inakaa kimya, ukiiharibu sana inakukemea.

Bibi_Jedwali:

Mbona suluhisho ni jepesi? Chagua safuwima C, ibadilishe iwe katika muundo wa namba, basi. Au tengeneza safuwima safi kwenye D2 kwa fomula hii:

```
=ARRAYFORMULA(IF(C2:C="","",
VALUE(SUBSTITUTE(C2:C,CHAR(160),""))))
```

Halafu kwenye QUERY chukua A2:D na ujumlishe D badala ya C.

Hasira_za_Seli:

Muundo wa namba nilishaujaribu kabla ya kuja hapa. Ile nafasi isiyoonekana haiondoki kwa kubadilisha muundo. Fomula yako ya D nimeiweka sasa hivi, nikaona 25 na 30 zimehamia kulia kama namba halisi, nikafurahi. Kisha muhtasari wote ukaanguka na chati ikabaki nyeupe. Kosa lililotokea ni lile lile alilolitaja Mzee: `AVG_SUM_ONLY_NUMERIC`. Data sasa ni safi kuliko ilivyokuwa, na ndipo inapokataa!

Mzee_wa_Fomula:

Bibi Jedwali amepatia nusu. CHAR(160) ndiyo nafasi yenyewe inayotoka kwenye kurasa za wavuti, na SUBSTITUTE ndiyo dawa yake. Kosa liko kwenye zile alama mbili za nukuu zisizo na kitu ndani. Masafa C2:C yanashuka hadi mwisho wa ukurasa, na kila mstari mtupu chini ya rekodi zako umejazwa maandishi yenye urefu wa 0. Kwa macho ni utupu, kwa QUERY ni maandishi, na kwa kuwa mistari hiyo ni mingi kuliko rekodi, safuwima D imegeuka kuwa ya maandishi. Acha nafasi hiyo bila chochote kati ya mikato:

```
=ARRAYFORMULA(IF(C2:C="",,
VALUE(SUBSTITUTE(C2:C,CHAR(160),""))))
```

Nakusihi usiifunike kwa IFERROR. Mtu akiandika "saa 30", VALUE itashindwa na D itaonyesha kosa, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Weka `=SUM(Daftari!D2:D)` karibu na chati. SUM huruka maandishi lakini hairuki makosa, kwa hiyo seli hiyo itageuka kuwa `#VALUE!` mbele ya kila anayetazama.

Hasira_za_Seli:

Umeme sasa ni 190. Nashukuru, Mzee, na Bibi pia. Hata hivyo malalamiko yangu yako palepale: safuwima ya ziada, fomula ya kusafisha na seli ya ulinzi, vyote hivyo ili kuzuia kimya cha fomula moja.

Pivoti_Imenichosha:

Mimi yangu ni tofauti kidogo. Ninapanga miezi chini na vitengo juu kwa `pivot B`, na chati yangu inasoma A1:D. Kilipoongezwa kitengo kipya cha Bustani, kilijipanga mbele kwa alfabeti, Useremala ukasukumwa hadi E na kutoweka kwenye chati. Pia Januari inaandikwa 0.

Mzee_wa_Fomula:

Januari ni rahisi: `month(A)` huanzia 0, hivyo andika `month(A)+1` mahali pote pawili, kwenye select na kwenye group by. Kuhusu Useremala sina jibu linaloniridhisha. Unaweza kuandika majina ya vitengo mwenyewe juu ya jedwali na kujumlisha kila kimoja kwa SUMIFS, na hapo hakuna safuwima itakayohama. Lakini kitengo kipya hakitaonekana kabisa mpaka mtu akumbuke kukiongeza.

Pivoti_Imenichosha:

Kwa hiyo nichague kati ya kitengo kinachotoweka na kitengo kisichofika?

Bibi_Jedwali:

Mimi ningepanua chati isome hadi Z, yaishe.

Hasira_za_Seli:

Ijaribu kwanza kwenye nakala, Bibi, si kwenye chati ambayo wakubwa wanaitazama.